Barua ya kukubali ikishaingia posta, muuzaji anaweza kughairi?

*"Wakili, habari za kazi. Niko Nansio, Ukerewe. Kikundi kimoja cha Mwanza mjini kiliniandikia barua ya tarehe 3 Machi kwamba wananiuzia boti yao ya fiba na injini yake kwa shilingi milioni 9.5, na nikikubali niwajibu kwa barua kupitia S.L.P. yao. Niliipata tarehe 8. Tarehe 10 nikapeleka posta jibu kwa rejesta kwamba nimekubali, na mwishoni nikauliza kama wataniruhusu nilipe mara mbili. Tarehe 12 katibu wao akanipigia simu kuwa boti waliiuza tarehe 9 kwa mtu wa Sengerema. Barua yangu waliitoa kwenye sanduku tarehe 14. Wanasema hakuna mkataba kwa kuwa waliuza kabla hawajapata jibu langu, na pia hakuna tulichosaini. Nina haki yoyote, au nimechelewa?"*

Ndugu yangu, kwa tarehe hizi hukuchelewa. Kwa maelezo yako, mkataba ulifungwa tarehe 10 Machi, pale karani wa posta alipoipokea barua yako na kukupa risiti ya rejesta. Hata hivyo nikuambie mapema kwamba haki uliyonayo haielekei kukurudishia boti. Kinachowezekana ni fidia ya fedha. Na hata fidia hiyo inategemea maneno matatu ambayo mimi sijayaona wala kuyasikia: yaliyo kwenye barua yao, yaliyo kwenye barua yako, na yale uliyomjibu katibu kwenye simu.

Suala la sahihi nitalimaliza haraka, maana linawatisha watu bure. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kwenye kifungu cha 10, inataka watu wenye uwezo kisheria wawe wamekubaliana kwa hiari, kuwe na malipo halali, na jambo lenyewe liwe halali. Haidai karatasi moja iliyosainiwa na pande zote mbili, isipokuwa pale sheria nyingine inapotaka maandishi kwa jambo fulani. Barua yao ina ofa yenye kitu kinachojulikana na bei inayojulikana. Barua yako ina jibu la kukubali. Barua mbili zinazokutana namna hiyo zinatosha.

Hoja yao nyingine ndiyo yenye uzito. Wanasema waliuza tarehe 9, wewe ukajibu tarehe 10, kwa hiyo ulikubali kitu ambacho hakikuwapo tena. Watu wengi wangekubaliana nao, kwa sababu inaonekana kama mtu akishauza mali yake basi ofa aliyompa mwingine imekufa yenyewe. Sheria haisemi hivyo. Aliyetoa ofa ana uhuru wa kuiondoa muda wowote kabla haijakubaliwa, na hakuwa na wajibu wa kukusubiri, lakini kuiondoa maana yake ni kukujulisha wewe uliyepewa. Kifungu cha 6 kinataja taarifa ya kuondoa ofa kutoka kwa mtoa ofa kwenda kwa mwenzake, na kifungu cha 4 kinasema taarifa hiyo inakamilika dhidi yako pale inapokufikia wewe na ukaijua. Walichokifanya tarehe 9 na mnunuzi wa Sengerema kilikuwa chao wawili. Wewe ulikuwa Nansio na ofa yako mkononi ikiwa hai bado, na iliendelea kuwa hai mpaka simu ya tarehe 12. Hata kama wangekuwa wamekuandikia barua ya kughairi tarehe hiyohiyo 9, nayo ikakufikia tarehe 13, isingewasaidia.

Kwa hiyo kila kitu kinageukia swali moja: kufikia tarehe 12, ulikuwa umeshakubali au bado? Hapa ndipo inapoingia kanuni ya posta.

Kwa kawaida kukubali hakuhesabiki mpaka kumfikie aliyetoa ofa. Ukikubali moyoni, au ukamwambia mkeo tu, hujafunga mkataba na mtu. Kwa barua, sheria iliweka utaratibu wa tofauti, na kesi iliyoanzisha jambo hilo inafanana na yako kwa namna ya kushangaza. Tarehe 2 Septemba 1817 wauzaji wa sufu huko Uingereza waliwaandikia wenye kiwanda wakiwapa ofa na kutaka jibu kwa posta. Barua iliandikwa anwani isiyo sahihi, ikafika tarehe 5 jioni. Jioni ileile walioandikiwa wakaposti jibu la kukubali. Wauzaji walipoona jibu halijaja siku walizotegemea, wakauza sufu tarehe 8 kwa mtu mwingine. Jibu likafika tarehe 9. Mwaka 1818, katika kesi ya Adams dhidi ya Lindsell, mahakama iliamua kwamba mkataba ulifungwa jibu lilipoingia posta, na wauzaji wakawajibika.

Sababu iliyotolewa ni ya kimatendo. Kama jibu halihesabiki mpaka mtoa ofa alipate, basi aliyejibu naye angeweza kusema hafungwi mpaka ajulishwe kwamba jibu lake limepatikana, na yule mwingine angetaka kujulishwa kwamba taarifa hiyo nayo imefika, bila mwisho. Lazima mstari uchorwe mahali fulani. Wakauchora kwenye kaunta ya posta, na mzigo wa hatari ya njiani akabebeshwa mtoa ofa, kwa kuwa ni yeye aliyechagua kufanya biashara kwa barua na ni yeye aliyekuwa na nafasi ya kuweka sharti lingine.

Sheria yetu, ambayo imeanza kutumika tangu 1961 na kufuata kwa karibu Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliingiza utaratibu huo ndani ya kifungu cha 4, ila ikaugawa mara mbili. Dhidi ya mtoa ofa, kukubali kunakamilika pale jibu linapowekwa katika njia ya kumwendea kiasi kwamba aliyekubali hana tena uwezo juu yake. Dhidi ya aliyekubali, kunakamilika pale mtoa ofa anapolijua. Tafadhali isome sentensi hiyo taratibu, kwa sababu ndani yake mna nguvu yako na mna hatari yako pia.

Nguvu yako ni hii. Tarehe 10 barua ilitoka mikononi mwako, ikawa ya posta. Kuanzia saa hiyo kikundi kilikuwa kimefungwa, na kifungu cha 5 kinakataza mtoa ofa kuondoa ofa baada ya hapo. Simu ya tarehe 12 ilikuta mlango umefungwa. Kwamba barua ilikaa kwenye sanduku lao mpaka tarehe 14 hakubadilishi kitu kwa upande wao. Hata ingepotea njiani wangefungwa, kama ilivyoamuliwa Uingereza mwaka 1879 katika kesi ya kampuni ya Household Fire dhidi ya Grant, ambapo barua ya kukubali haikufika kabisa na bado mkataba ukahesabika.

Maneno "hana tena uwezo juu yake" yanabeba mambo mengi kwa sisi tunaoishi na ziwa katikati. Watu wengi wa visiwani hawapeleki barua posta. Wanampa kijana anayepanda meli ya asubuhi, au kondakta wa basi, wakimwambia aifikishe Kirumba. Ungekuwa umefanya hivyo, nisingekupa jibu ninalokupa leo. Mtu uliyemtuma wewe ni mkono wako. Unaweza kumpigia simu kabla hajashuka bandarini Mwanza ukamwambia arudi nayo, kwa hiyo barua bado iko ndani ya uwezo wako, na kukubali kwako kungekamilika pale tu kijana huyo angemkabidhi katibu. Rejesta imekuokoa kwa namna mbili: barua ilitoka mikononi mwako kweli, na una karatasi yenye muhuri wa tarehe. Itunze risiti hiyo. Tunza pia bahasha ya barua yao, maana mihuri iliyo juu yake inaweza kuonyesha ilisafiri lini, na mtu asije akadai baadaye kwamba uliipata mapema ukakaa nayo siku kadhaa.

Kagua na anwani uliyoandika. Kanuni ya posta inamlinda aliyeposti sawasawa. Kama ulikosea namba ya sanduku lao, ucheleweshaji huo ni wako.

Sasa njoo kwenye yale maneno matatu. Kwanza, barua yao. Unasema walitaka ujibu kwa barua kupitia S.L.P., na hilo liko upande wako, kwa sababu wao wenyewe ndio walioichagua posta. Lakini fungua barua uisome neno kwa neno. Kama kuna sentensi kama "tupate jibu lako kabla ya tarehe 13" au "mkataba utahesabika tutakapopokea jibu lako", mambo yanageuka. Mtoa ofa ana haki ya kusema ni namna gani na lini kukubali kutahesabika, na akishadai jibu lifike, kuposti pekee hakutoshi. Mwaka 1974, katika kesi ya Holwell Securities dhidi ya Hughes, ofa ya kuuza nyumba ilitaka mnunuzi atoe taarifa ya maandishi kwa mwenye nyumba ndani ya miezi sita. Barua ilipostiwa ndani ya muda, haikufika. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikasema taarifa kwa mtu maana yake imfikie, na kanuni ya posta haikuwa na nafasi. Uamuzi wa huko hauifungi mahakama yetu, lakini huwa unasomwa na kuheshimiwa, na wakili wa kikundi ataushika kwa mikono miwili akipata neno la kuuegemeza. "Tujibu kwa barua" na "tupate barua yako" si kitu kimoja.

Pili, barua yako. Hapa ndipo nina wasiwasi kidogo, kwa sababu ya lile swali la kulipa mara mbili. Kifungu cha 7 kinataka kukubali kuwe kamili na bila masharti. Ukisema "nimekubali kwa milioni 9.5, ila nitalipa nusu sasa na nusu Juni", hujakubali. Umetoa ofa mpya, na ile ya kwanza umeiua mwenyewe. Huwezi kuirudia baadaye mpaka wao waitoe tena. Mwaka 1840, katika kesi ya Hyde dhidi ya Wrench, shamba lilikuwa likiuzwa pauni 1,000, mnunuzi akataja 950, akakataliwa, kisha akarudi kusema basi anakubali 1,000. Akaambiwa hakuna tena ofa ya kukubali.

Kuuliza ni jambo jingine. Katika kesi ya Stevenson dhidi ya McLean ya 1880, mnunuzi wa chuma aliuliza kwa telegramu kama muuzaji angekubali kupeleka mzigo kwa muda mrefu zaidi. Hakujibiwa, akatuma telegramu ya kukubali kama ilivyokuwa. Muuzaji alikuwa ameshauza chuma kwingine, na telegramu yake ya kughairi ilimfikia mnunuzi dakika chache baada ya yeye kutuma yake. Mahakama ilisema lile lilikuwa swali tu, halikuikataa ofa, na mkataba ulikuwepo.

Kwa hiyo kipimo ni hiki: wangekujibu "hapana, tunataka zote kwa mkupuo", barua yako ingekuwa bado inasema unanunua? Kama uliandika "Nimekubali kununua kwa bei hiyo. Naomba pia kuuliza kama mnaweza kuniruhusu nilipe mara mbili, kama haiwezekani nitalipa zote", uko salama kabisa. Kama uliandika "Nimekubali, nitalipa mara mbili", uko pabaya. Kilicho katikati ya hapo ndicho mahakimu wanachotofautiana nacho, na ndiyo maana nataka wakili aione nakala yenyewe. Kama hukubaki na nakala, andika leo kila unachokumbuka ukiwa bado hujaanza kubishana nao.

Tatu, simu ya tarehe 12. Nirudie ule mgawanyo wa kifungu cha 4. Kikundi kilifungwa tarehe 10. Wewe, kwa upande wako, hukufungwa mpaka walipoijua barua yako tarehe 14. Kifungu cha 5 kinampa aliyekubali uhuru wa kughairi katika siku hizo za katikati, mradi taarifa ya kughairi imfikie mwenzake kabla ya barua, au kwa wakati mmoja nayo. Uhuru huo ni mzuri unapouhitaji. Lakini fikiria katibu amekupigia, ukasikitika, ukamjibu kiungwana kama tulivyozoea: "Basi hamna neno, kama imeshauzwa tuachane nayo." Kwa maneno hayo unaweza kuwa umekuondoa kukubali kwako mwenyewe, siku mbili kabla barua haijasomwa. Wakili wao akilijua hilo, ndiyo hoja yao bora kuliko zote mbili walizokupa. Ukiwa ulimwambia "mimi nimeshaposti jibu tangu juzi", hoja hiyo haipo, na umepata ushahidi mwingine kwamba walijua. Kuwa mkweli kwa wakili wako juu ya simu hiyo, hata kama ulichosema kinakuumiza.

Kuna jambo jingine atakalokuuliza: kabla ya tarehe 10, ulikuwa umesikia fununu pale mwaloni kwamba boti imeshauzwa? Mwaka 1876, katika kesi ya Dickinson dhidi ya Dodds, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mnunuzi aliyesikia kwa mtu mwingine kuwa mali inauzwa kwingine hawezi kukimbilia kukubali. Kifungu chetu cha 6 kinazungumzia taarifa inayotoka kwa mtoa ofa mwenyewe, kwa hiyo mimi ningetetea kwamba fununu za mwaloni hazitoshi. Lakini tegemea kuulizwa.

Wengine mnaosoma mtajiuliza kuhusu simu na WhatsApp, kwa kuwa wachache siku hizi wanasubiri barua. Msiipeleke kanuni ya posta huko. Ilitungwa kwa ajili ya njia ambayo jibu linakuwa mikononi mwa mtu wa tatu kwa siku kadhaa na hakuna anayejua liko wapi. Watu wanaosikilizana papo hapo hawana shida hiyo. Mwaka 1955, katika kesi ya Entores, Jaji Denning alitoa mfano wa mtu anayepaza sauti kukubali ofa ng'ambo ya mto, ndege ikapita juu na kuimeza sauti yake. Hakuna mkataba mpaka arudie na asikike. Mahakama Kuu Kabisa ya India, ikitafsiri sheria ambayo yetu imefuata, iliamua mwaka 1965 katika kesi ya Bhagwandas kwamba kwa simu mkataba unafungwa pale kukubali kunaposikika. Kwa hiyo mtandao ukikatika katikati ya "nimekuba...", piga tena. Ujumbe wa simu unaweza kufunga mkataba, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua mikataba ya namna hiyo. Ila usitulie kwa kuwa umebonyeza kutuma. Mwombe mwenzako ajibu kwamba ameuona. Na wewe, ndugu wa Nansio, kama ungewapigia simu saa ileile ulipotoka posta tarehe 10, ungefunga pande zote mbili siku moja.

Kuhusu unachoweza kupata: tarehe 9 boti ilikuwa bado mali ya kikundi, na wewe hukuwa na mkataba nao. Waliuza mali yao, na mnunuzi wa Sengerema, kama hakujua lolote, aliinunua safi. Usimfuate wala usiende kuikamata boti kwake. Dai lako ni dhidi ya kikundi, kwa kushindwa kutekeleza mkataba walioufunga siku iliyofuata, na kifungu cha 73 kinakupa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kushindwa kwao. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme boti ya umri na hali hiyo, na injini ya nguvu ileile, leo inauzwa milioni 11. Hasara yako ni milioni 1.5, pamoja na gharama ndogo unazoweza kuzithibitisha. Ukiipata nyingine kwa milioni 9, huna hasara ya maana ya kudai, na kesi itakula kuliko itakavyokulisha. Na usikae pwani msimu mzima bila chombo ukitegemea kwamba mahakama itakulipa dagaa wote ambao hukuvua. Sheria inakutaka uchukue hatua za kawaida kupunguza hasara. Tafuta bei kwa watu watatu wanaouza boti kama hiyo, wakuandikie kwenye karatasi zenye tarehe.

Kabla hujaandika barua yoyote ya madai, nenda kwa wakili ana kwa ana ukiwa na barua yao, bahasha, nakala ya jibu lako na risiti ya rejesta. Ukikwama kwa gharama, msaidizi wa kisheria wilayani anaweza kukuelekeza pa kuanzia. Muulize hasa nani wa kushtakiwa. Kikundi kisichosajiliwa kama chombo chenye uwezo wa kushtakiwa kwa jina lake ni shida kubwa kuliko kanuni ya posta yenyewe. Inawezekana ikabidi uwataje viongozi walioweka majina yao kwenye barua ile, na hilo linategemea usajili wao, ambao wakili atauangalia. Madai ya mkataba kwa kawaida yana miaka 6, kwa hiyo huna haja ya kukimbia kesho asubuhi, ila simu ya tarehe 12 iandike leo, neno kwa neno, uliyosema wewe na aliyosema katibu.